Kata pembeni tu: PDF yenye pambizo pana nilivyoifanya isomeke kwenye simu

Kuna notsi za takwimu nilitumiwa kwenye grupu, PDF ya kurasa 84, na mimi muda wangu wa kusoma ni kwenye daladala asubuhi mkono mmoja umeshika bomba mwingine simu. Sasa nikiifungua, maandishi yako katikati kama kamba nyembamba, kushoto peupe kulia peupe. Nazumu kwa vidole, nasoma mistari kumi, nateremka, ukurasa unakimbilia pembeni, naurudisha, gari linapiga breki nimeshapotea. Nikivuka ukurasa kila kitu kinarudi kidogo tena naanza upya. Wiki nzima hivyo, mpaka nikakaa chini nikapima tatizo liko wapi hasa.

Karatasi ya A4 ina upana wa pointi 595 (pointi 72 ndiyo inchi moja). Notsi zile ziliandikwa kwa LaTeX, na wanaoitumia wanajua usipogusa seting zake inaacha pambizo za ajabu, maandishi yanachukua pointi kama 344 tu, zinazobaki 251 ni weupe, karibu sentimita 4 na nusu kila upande. Kioo cha simu yangu kina upana wa milimita 68. Kwa hiyo ukurasa mzima ukikaa pale, maandishi yenyewe yanabaki na milimita 39, na herufi ya saizi 10 inaonekana kama saizi 3 na kidogo. Hapo macho hayana kosa jamani.

Nilichokuja kugundua, na ndiyo sababu ya kuandika hii makala, ni kwamba wengi tunapokropu tunahangaika na pande zote nne wakati kwenye simu shida ni mbili tu, kushoto na kulia. Simu inapanua ukurasa mpaka ujae upana wa kioo, juu na chini unateremka tu kwa kidole. Ule weupe wa juu unakuibia nukta ya sekunde unapopita, wa pembeni unakuibia saizi ya herufi kwenye kila mstari. Halafu chini kuna namba ya ukurasa, ukitaka kuikata unaanza vita na programu maana yenyewe inahesabu ile namba kuwa ni maandishi. Iache.

Kama huna kompyuta, weka KOReader kwenye Android, ni ya bure. Fungua PDF, gusa sehemu ya chini ya kioo, menyu itatokea, tafuta Page Crop. Ukichagua auto inatafuta yenyewe maandishi yanapoishia, na faili lako haliguswi, linakatwa pale pale unaposoma. Ila auto inapima kila ukurasa peke yake, kwa hiyo ukurasa wenye mistari mifupi unavimba, unaofuata unasinyaa, herufi zinarukaruka. Mimi inaniudhi ile. Ukichagua manual unachora boksi mwenyewe, afadhali, na liache boksi pana kidogo kuliko unavyotamani.

Mimi nilitaka faili lenyewe likatike ili niwarushie na wenzangu kwenye grupu, maana kila mtu ana apu yake ya kusomea. Kwenye laptopu yenye Python nikafanya hivi:

```
pip install pdfCropMargins
pdf-crop-margins -u -p4 5 100 5 100 notsi.pdf -o notsi_simu.pdf
```

Hizo namba nne baada ya `-p4` ni asilimia ya pambizo unayotaka ibaki, kwa mpangilio wa kushoto, chini, kulia, juu. Yaani pembeni bakiza 5, juu na chini usiguse. Usiweke sifuri pembeni, herufi zikigusana na ukingo wa kioo zinachosha, na simu zenye kava nene zinameza herufi ya kwanza kabisa. Ile `-u` ndiyo inayosema kurasa zote zikatwe kiasi kimoja, yaani dawa ya kurukaruka.

Mara ya kwanza nikafungua faili jipya, hakuna kilichobadilika! Nikarudia, vile vile. Nikadhani nimekosea kuandika komandi, kumbe shida ni kava ya zile notsi. Ukurasa wa 1 ulikuwa na mkanda wa bluu kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa kuwa `-u` inafuata ukurasa wenye pambizo ndogo kuliko wote ili isimkate mtu maandishi, kava ikawazuia wengine wote 83. Nikaitoa kwenye hesabu:

```
pdf-crop-margins -u -pg 2-84 -p4 5 100 5 100 notsi.pdf -o notsi_simu.pdf
```

Ikakubali. Ukurasa ukashuka kutoka pointi 595 hadi kama 356, maana yake herufi zimekua mara moja na theluthi mbili. Simu ikiwa wima herufi ya saizi 10 sasa inaonekana kama 5 na nusu, bado ndogo lakini inasomeka bila kuzumu. Ukiilaza simu ndiyo raha yenyewe, kwenye kioo cha milimita 150 inafika karibu saizi 12, kubwa kuliko hata ilivyoprintiwa. Bila kukata ukiilaza unapata 7 tu.

Kwa hiyo ukikata halafu ikagoma, tafuta ukurasa mmoja mkorofi, kava, jedwali lililolala, picha iliyojaa ukurasa. Na kama PDF ni ya kitabu cha kuprinti pande mbili, angalia kurasa mbili zinazofuatana, maandishi yanahama kushoto kisha kulia kwa sababu upande wa kushonea umeachwa mpana. Hapo ongeza `-e` ili kurasa witiri na shufwa zipimwe mbalimbali, la sivyo utabaki na mkanda mweupe unaohama kila ukurasa.

Zile za kuskani ni kesi nyingine. Fotokopi ina kivuli cheusi pembeni na vidoadoa, na programu inaona weusi ni maandishi, inagoma kukata. Hapo usipoteze muda na auto, chora boksi kwa mkono. Na makala zenye safu mbili, kukata pembeni kunasaidia kidogo sana, ile unazumu safu moja moja tu. Hata notsi za Word zenye pambizo ya kawaida ya inchi moja faida yake ni ndogo, kama asilimia 30 hivi, mimi hizo nazilaza tu simu basi.

Kitu kingine, kukata huku kunaficha, hakufuti. Saizi ya faili haipungui, na kilichokuwa pambizoni bado kimo ndani. Jamaa yangu alikata pembeni ya fomu ili kuficha namba ya simu iliyoandikwa pale, akaituma, aliyepokea akarudisha ukurasa mzima akaisoma namba. Kwa kazi hiyo piga skrinshoti utume picha. Na lile faili la mwanzo usilifute, siku ya kuprinti utalihitaji, maana kurasa za hili la simu si A4 tena.