Kutafsiri madai ya hataza bila kusogeza mpaka wake

Swali: Mwalimu, mteja wangu ana hataza ya jiko na anataka kuwapa leseni mafundi wa Kamukunji walitengeneze. Wao wamesema hawatii sahihi mpaka waelewe hayo madai, ndiyo maana nimeombwa niyaweke kwa Kiswahili. Dai la kwanza nimeliandika hivi: "Jiko la mkaa lenye mwili wa bati, bitana ya udongo iliyoshikizwa ndani ya mwili huo kwa saruji, na mlango mmoja wa hewa upande wa chini, ambapo kati ya mwili na bitana kuna nafasi ya zaidi ya milimita 5." Wakili wake amelisoma akasema nimelibana na papo hapo nimelipanua. Nimelibana wapi, na nimelipanua wapi? (Mtafsiri, Nairobi)

Jibu: Wakili amesema kweli, na mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya sentensi moja bila kugombana. Dai ni sentensi ya hataza inayoweka mpaka wa kile kinacholindwa, nalo huhesabiwa kwa vipengele. Ili jiko la mtu mwingine liwe limeingilia hataza, sharti liwe na kila kipengele kilichotajwa katika dai. Likikosa kimoja, kwa kawaida liko nje. Kwa hiyo kila neno la sifa unaloongeza linapunguza majiko yanayoingia, na kila neno unaloliacha linayaongeza. Watafsiri wengi hudhani neno la ziada ni ufafanuzi tu. Katika barua, sawa. Katika dai, neno la ziada ni sharti jipya.

Tuanze na mahali ulipobana. Nimelisoma dai la Kiingereza ulilonitumia. Halisemi mkaa, linasema fueli yabisi. Halisemi bati, linasema metali. Halisemi udongo, linasema bitana inayostahimili joto. Halisemi saruji popote. Linasema tu kwamba bitana imeshikiliwa ndani ya mwili. Naelewa ulikoyatoa maneno yako: unalijua jiko la Nairobi, na jiko la Nairobi ni la mkaa, la bati, la udongo uliobanwa kwa mchanganyiko wa saruji. Macho yako yaliona jiko hilo kabla kalamu haijafika kwenye karatasi. Lakini sasa fundi akitengeneza la kuni, mwili ukiwa wa alumini ya kumimina na bitana ikishikiliwa na pini tatu, Kiingereza kinamkamata na Kiswahili chako kinamwachilia.

Kuna njia rahisi ya kujua neno gani libaki pana: soma kwanza madai tegemezi, yale yanayorejelea dai jingine, kabla hujagusa dai huru linalosimama peke yake. Dai la 2 katika hati yako linasema bitana ya dai la 1 ni ya udongo uliochomwa. Dai la 3 linasema fueli ni mkaa. Kama dai la 1 tayari limesema udongo na mkaa, madai haya mawili hayana kazi tena. Yanarudia kilichokwisha kusemwa. Mwandishi wa hataza hatumii dai zima kurudia neno. Ukiona dai tegemezi limekuwa tupu katika tafsiri yako, rudi kwenye dai la juu, umeingiza humo kitu ambacho si chake.

Kosa la tano la kubana ni "mlango mmoja". Kiingereza kinasema angalau mmoja. Hata kingekuwa na kile kibainishi chao cha umoja "a" tu, katika dai lililo wazi, yaani lisilozuia sehemu za nyongeza, mawakili kwa kawaida hukisoma kuwa ni kimoja au zaidi. Kiswahili hakina kibainishi hicho, na mtafsiri akihisi pengo hujaza kwa "moja". Usijaze. Andika "mlango wa hewa" ukiwa peke yake, na pale Kiingereza kinaposema angalau, andika "mlango wa hewa mmoja au zaidi". Nomino kama pini au nguzo zinahitaji uangalifu zaidi: zenyewe hazibadiliki kwa umoja na wingi, lakini "ya" au "za" na kitenzi vitakufichua. Ukiandika "pini zilizoingizwa", jiko la pini moja limetoka. "Pini moja au zaidi" ni refu na halipendezi sikioni, lakini liache hivyohivyo.

Kuhusu kipimo: "zaidi ya milimita 5" kinaiacha nje nafasi ya milimita 5 kamili, ilhali Kiingereza kinaihesabu. Neno la kazi hiyo ni "isiyopungua milimita 5". Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba fundi anayetaka kukwepa leseni atakata kipande chake cha kupimia kwa milimita 5 barabara.

Sasa mahali ulipopanua, na hapa ndipo ningetaka ukae kitako. Kiingereza kinasema nafasi ya hewa, tena inayozunguka bitana pande zote. Wewe umeandika nafasi, basi. Jiko la mwili wa bati na bitana ya udongo limeuzwa Nairobi tangu miaka ya 1980. Hakuna mtu anayeweza kulidai leo kuwa jipya. Upya wote wa mteja wako uko kwenye ile hewa isiyojazwa kitu na isiyokatika popote. Jiko la kawaida lina nafasi kati ya bati na udongo, ila imejazwa mchanganyiko wa saruji. Lina pia, mara nyingi, bitana iliyokaa upande, ikagusa bati huku na kuacha uwazi kule. Kwa Kiswahili chako, majiko hayo yote yanaingia ndani ya dai, ukiacha lile sharti la saruji ulilolitia mwenyewe. Fundi anayesoma ataamini anatakiwa kulipia leseni kwa jiko ambalo babake alilitengeneza. Na akienda kwa wakili mwerevu, atatumia tafsiri hiyohiyo kusema hataza nzima ni batili kwa kukosa upya. Hatashinda kwa sababu hiyo peke yake, lakini mteja wako atakuwa amelipa ada za kuieleza mahakama.

Hatashinda kwa kuwa hati inayotawala ni ya Kiingereza, lugha ambayo Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya hupokelea maombi, na hata ARIPO, shirika la kikanda la hataza lililoko Harare, hufanya kazi kwa Kiingereza. Tafsiri yako ni kiambatisho cha mkataba. Hakikisha mkataba wenyewe unasema hivyo kwa kifungu kimoja kilicho wazi. Hata kwenye Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, kifungu cha 46 kinaruhusu nchi kuupunguza upana wa hataza, tena kwa kurudi nyuma, pale tafsiri mbaya ilipoifanya ipite upana wa maombi ya awali. Upana uliotokana na mtafsiri haudumu.

Kuhusu kiungo kati ya jiko na vipengele vyake, "lenye" si baya. Kiingereza kimetumia lile neno la wazi ambalo mawakili hulitamka "kompraizing", maana yake vipengele hivi vipo na vingine vyaweza kuwepo. Jiko lenye vipengele vyote na feni juu yake bado limo. Mimi napendelea "linalojumuisha", kisha naandika katika ukurasa wa fasili wa mkataba kwamba neno hilo haliondoi sehemu za nyongeza. Epuka "linaloundwa na": linasikika kama orodha iliyofungwa, na ukiwahi kukutana na dai lililofungwa kweli utalihitaji, pamoja na "pekee".

Dai lako la 4 lina mtego ambao Kiingereza hakiuoni. Linataja mwili na bitana kisha linataja mbavu za wima, na kwa Kiingereza haijulikani mbavu ni za nani. Kiswahili kinakulazimisha uchague: "wenye mbavu" ni mwili, "yenye mbavu" ni bitana. Ukichagua kwa kubahatisha umeamua kesi kabla ya hakimu. Angalia maelezo na michoro. Sheria inaruhusu vitumike kufasiri madai. Katika mchoro wa 2 mbavu zimetoka kwenye bitana tu, kwa hiyo "yenye" ina msingi, lakini muulize wakili akuthibitishie kwa maandishi. Akisema iachwe kama ilivyo, "-ake" itakufaa, kwa sababu haimtaji mwenye mali kwa ngeli yake: "mwili wa metali na bitana, pamoja na mbavu zake za wima". Ni sentensi ya kuchukiza kwa mwalimu wa insha, nami ningeitumia bila aibu.

La mwisho ni mkono wa dai la 5. Kiingereza kinasema waweza kukunjwa. Andika "unaokunjika". "Uliokunjwa" ungemaanisha jiko linaingia tu mkono ukiwa umelala, na jiko linalouzwa mkono ukiwa wima lingepona.

Dai la 1 ningeliandika hivi: "Jiko la fueli yabisi linalojumuisha: mwili wa metali, bitana inayostahimili joto, iliyoshikiliwa ndani ya mwili huo, na mlango wa hewa mmoja au zaidi katika sehemu ya chini ya mwili huo, ambapo kati ya mwili huo na bitana hiyo kuna nafasi ya hewa isiyopungua milimita 5, inayozunguka bitana hiyo pande zote." Ukishachagua "bitana", iwe bitana hadi dai la mwisho. Ukiandika "kikombe cha ndani" kwenye dai la 6 ili kukwepa kurudiarudia, msomaji ana haki ya kudhani ni kitu kingine.

Kabla hujaituma, fanya jaribio ambalo mimi hulifanya kwa kila dai. Chora majiko kama sita kwenye karatasi: la mkaa na saruji, la kuni na pini, lenye nafasi ya milimita 5 kamili, lenye bitana iliyoegemea upande mmoja, lenye milango miwili ya hewa, lenye feni. Mpe mtu mmoja dai la Kiingereza na mwingine la Kiswahili, wasikae pamoja, kila mmoja aandike lipi limo na lipi halimo. Orodha zikitofautiana hata kwa jiko moja, tafuta kipengele kilicholitenganisha. Kwa tafsiri yako ya kwanza zingetofautiana kwa la mkaa na saruji, la kuni, la milimita 5, la milango miwili na la bitana iliyoegemea. Fundi mmoja wa hukohuko Kamukunji anafaa sana kushika upande wa Kiswahili, kwa sababu atakuonyesha jiko la saba ambalo wewe na wakili hamkulifikiria.