Kupima maji ya kijito kwa kizingiti cha mbao: rula unaiweka wapi?

> "Niko Kapchorwa. Tunataka kuvuta maji ya kijito kwa bomba mpaka kijijini. Tumeziba kwa mbao yenye pengo la mstatili la sentimita 60, maji yanapita hapo. Nikipima kwa rula pale pale kwenye pengo napata sentimita 10 hivi. Sasa napataje lita kwa sekunde?"

Ndugu, hiyo sentimita 10 usiitumie. Maji yakikaribia kuanguka huinama kabla hata ya kufika kwenye ukingo, kwa hiyo ukipima mdomoni unapima maji yaliyokwisha kushuka. Fomula inataka kimo cha maji yaliyotulia nyuma ya ubao, kikihesabiwa kutoka usawa wa ukingo wa chini wa pengo. Rudi juu ya kijito umbali usiopungua mara nne ya kimo hicho. Kwa hali yako mita moja inatosha. Piga kigingi hapo, kando kidogo ya mkondo, ufunge rula juu yake.

Kazi yenyewe ni kuweka sifuri ya rula sawasawa na ukingo. Hapa Mbale mafundi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji na usio na kiputo hata kimoja. Ncha moja mtu anaishikilia ukingoni, nyingine kwenye kigingi, na maji ya ncha zote mbili yanakuonyesha usawa. Ifanye siku ambayo hamjaziba bado, au fungua kidogo maji yashuke. Usikadirie kwa macho, nitakuonyesha hasara yake hapo chini.

Fomula ni ya James Francis, mhandisi aliyefanya majaribio yake Lowell, Marekani, katika karne ya 19. Kwa mita, na pengo lenye ubao pande zote mbili kama lako:

```
Q = 1.84 x (L - 0.2 x H) x H^1.5
```

L ni upana wa pengo, H ni kimo, na Q inatoka kwa mita za ujazo kwa sekunde. Ile 0.2 x H inapunguzwa kwa sababu maji yakiingia pengoni hujibana pembeni, kila upande ukila sehemu ya kumi ya kimo. Kama simu yako haina kitufe cha H^1.5, zidisha H kwa kipeuo chake cha pili.

Tuseme rula ya kwenye kigingi inasoma sentimita 12, yaani 0.12. Kipeuo chake cha pili ni 0.346, mara 0.12 ni 0.0416. Upana unaofanya kazi ni 0.60 toa 0.024, yaani 0.576. Zidisha vyote kwa 1.84 upate 0.044, yaani lita 44 kwa sekunde. Sasa weka sentimita 10 ya mdomoni: utapata kama lita 34. Maji ni yale yale, lita 10 zimepotea kwa sababu ya mahali pa kusimamisha rula.

Kiangazi mambo huwa magumu zaidi. Rula ikisoma sentimita 7 una lita 20. Sifuri ikikosewa kwa sentimita moja tu, ukasoma 6, utaandika lita 16. Na kiangazi ndicho kinachoamua bomba lenu, kwa hiyo vipimo vya Januari na Februari vina uzito kuliko vya masika.

Chini ya sentimita 6 fomula hii iache. Maji hukosa nguvu ya kuruka, yanateleza yakiushika ubao, na Q ya fomula inakuwa ndogo kuliko maji halisi. Utaijua hali hiyo ukichungulia kwa upande: lazima uone hewa kati ya ubao na maji yanayoanguka. Ndiyo maana ukingo unapigiliwa kipande cha chuma chenye unene wa milimita moja au mbili, kwa kuwa ubao mnene hufanya maji yaulalie. Maji ya chini nayo yasipande kuukaribia ukingo, la sivyo utahesabu maji usiyo nayo.

Vijito vya Elgon vinashusha tope jingi mvua ikinyesha. Bwawa lenu dogo likijaa tope, maji hufika pengoni yakiwa na mbio, na hesabu inatoka pungufu. Kina cha kutoka ukingo hadi chini kisipungue mara mbili ya kimo. Kwenu nusu mita ingefaa. Chotoeni tope, subirini rula isimame pale pale kwa muda, ndipo msome. Kagueni pia chini ya ubao: maji yanayopenya kwenye udongo rula haiyaoni. Zibeni kwa mfinyanzi na turubai, na kama bado yanachuruzika yakingeni kwa jerikeni huku mkihesabu sekunde, mjumlishe kwenye Q.