Re: Naweza kuacha fataha na kasra?

"Niko Eastleigh nasoma Kiarabu, magazeti hayana irabu kabisa, na mimi niache kuziweka kwenye noti zangu?"

Acha tu ndugu, ila si kila mahali. Chukua kaf, ta, ba zikiwa tupu: yaweza kuwa kataba (aliandika), kutiba (iliandikwa) ama kutub (vitabu). Ukiandika "ktb al-walad ad-dars" hakuna shida, mtoto yupo na somo lipo, mwandishi anajulikana, so ni kataba. Sasa toa al-walad ubaki na "ktb ad-dars", hapo ndio balaa, aliandika somo, somo liliandikwa, ama vitabu vya somo? Weka dhuma juu ya kaf na kasra chini ya ta, hizo mbili tu, basi inasomeka kutiba, kwingine acha wazi.

Shada mimi siiachi kirahisi, bila hiyo darasa (alisoma) na darrasa (alifundisha) zinafanana. Majina ya watu usiyoyajua pia yawekee. Ujue alif, wau na ya za kuvuta hazitoki, hizo ni herufi.

Msahafu ni kitu ingine, usijaribu kusoma nakala tupu peke yako, kaa na maalim akusikize.