Bei nzuri ya P2P au ada ndogo ya kutoa?

"Soko moja lina bei nzuri ya USDT, lingine ada ndogo ya kutoa. Nichague lipi kabla ya kuweka pesa kwa broka?"

Ndugu, gawa pesa yote iliyokutoka, pamoja na makato ya benki, kwa USDT zitakazofika kwa broka; soko lenye jibu dogo ndilo nafuu. Tuseme una 100,000. Kwa bei ya 1,000 unapata 100. Ukikatwa 4 za kutoa, zinafika 96. Kwa bei ya 1,015 unapata 98.52, ukikatwa 1, zinafika 97.52. Bei "mbaya" imeshinda! Lakini ukiwa na 1,000,000 mambo yanageuka: 996 dhidi ya 984.22, kwa kuwa ada ya kutoa haikui na kiasi. Hakikisha tu broka anapokea USDT kwa mtandao wa blockchain unaotumia kutoa. Ukikosea, pesa inaweza kupotea kabisa.