Tovuti Ipo Hewani, Google Haiijui

Miezi minne tangu nimlipe kijana aliyenitengenezea tovuti ya karakana yangu ya samani hapa Keko, hakuna mteja hata mmoja aliyesema amenipata Google. Nami nilikuwa nimetulia, maana kila nikiandika anwani kwenye simu, ukurasa ulifunguka. Kumbe hapo nilikuwa najipeleka mlangoni mwenyewe, Google haikunielekeza.

Kipimo chenyewe ni hiki. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili:

```
site:jinalako.co.tz
```

Zikitokea kurasa zako, Google inazo. Kwangu haukutoka hata mmoja. Kwa kuwa njia hii huweza kuruka baadhi ya kurasa, nilihakikisha kwa Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ambayo ni bure. Unathibitisha kuwa tovuti ni yako, kisha unabandika anwani ya ukurasa juu, penye URL Inspection. Jibu langu lilikuwa "URL is not on Google", na sababu yake "Excluded by 'noindex' tag".

Yaani ukurasa wangu wenyewe ulikuwa unaiambia Google isiuorodheshe! Kwenye WordPress, programu iliyojengea tovuti yangu, ukiingia Settings halafu Reading, kuna kisanduku cha "Discourage search engines from indexing this site". Watengenezaji hukitiki wakati wa ujenzi ili kazi isionekane nusunusu, halafu wanasahau. Simlaumu sana, nami nimewahi kumpelekea mteja kabati lenye utepe wa gundi milangoni, niliosahau kuubandua.

Nikaondoa tiki, nikahifadhi, nikarudi Search Console kubofya Request Indexing. Bofya mara moja tu, kurudia hakuharakishi. Ukurasa wa kwanza ulionekana siku ya tano, lakini inaweza kufika wiki kadhaa. Ukikuta "Discovered - currently not indexed", hilo ni jingine: Google inaijua anwani ila haijaja kuisoma. Hapo hakuna tiki ya kuondoa. Subiri, na uwaombe unaofanya nao biashara wakuwekee kiungo kwenye tovuti zao.

Basi nikaandika "kitanda cha mninga Keko". Sikuwemo! Hili lilinichukua muda kulielewa. Vitanda vyangu vyote vilikuwa kwenye mabango yale ya kutuma WhatsApp: jina, mbao, bei, kila kitu kimeandikwa ndani ya picha. Ukurasa wenyewe haukuwa na neno "mninga" hata mara moja, na Google hutegemea zaidi maandishi ya ukurasa. Nikakaa jioni mbili nikiandika kila kitanda kwa maneno: mbao gani, futi 5 kwa 6, bei, kinachukua siku ngapi.

Baada ya wiki tatu alinipigia mama mmoja wa Mbagala, akanisomea vipimo kama nilivyoviandika. Kwa "samani Dar es Salaam" bado sionekani, maduka makubwa yamejaa huko, na wala sihangaiki nako.