Kikao cha kwanza cha mradi si cha kufahamiana

Swali: "Kampuni yetu ya hapa Kigoma inaanza mradi na kampuni ya Bujumbura, mfumo mmoja wa kufuatilia saruji inayovuka ziwa. Nimepewa kazi ya kuitisha kikao cha kwanza. Nimefungua grupu la WhatsApp lenye watu 23 wa pande zote ili asipatikane wa kulalamika, nimeandika kikao ni Alhamisi saa nne, na nimetuma mkataba wa kurasa 40 wausome. Kuna mtaalamu ananiuzia templeti ya ajenda. Niichukue?"

Jibu: Usiichukue, ndugu yangu. Templeti ina visanduku vya kujaza, lakini haikuambii ni nani akisema "sawa" kampuni yake imefungwa na neno lake. Na hilo ndilo ulilokosa.

Kwanza tumalize la saa. Bujumbura iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo saa nne yako wao ni saa tatu. Andika wazi: 10:00 Kigoma, 09:00 Bujumbura. Tuma mwaliko wa kalenda, maana kalenda humwonyesha kila mtu saa ya kwake. Grupu halifanyi hivyo. Siku nayo iangalie: tarehe 1 Julai wenzetu wako kwenye sikukuu ya Uhuru, na tarehe 7 sisi tuko Sabasaba.

Sasa hao watu 23. Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu kila wiki naulizwa jambo hili hili. Watu wanaamini kualika wote ni heshima. Matokeo yake mabosi wawili wanasalimiana kwa dakika arobaini, na msimamizi wa ghala, ambaye ndiye anayejua mifuko inapotea wapi, hafungui mdomo mbele yao. Kwa mradi wako watu wanane wanatosha, wanne kila upande: mwenye kauli juu ya fedha, meneja wa mradi, anayepokea au kupakia mzigo kwa mikono yake, na mtu wa mfumo. Kwenye mwaliko andika jina la kila mmoja na kilichomleta. Mfano: "Msimamizi wa ghala, Kigoma: ataeleza mifuko inavyohesabiwa inapopakiwa." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo kwa mtu fulani, huyo atasoma muhtasari baadaye, na umwambie hivyo mapema kwa adabu. Wakala wa forodha aitwe kwenye kipengele chake tu.

Lengo nalo lisiwe "kufahamiana na kujadili mradi". Liandike kama uamuzi. Mkigombana siku za mbele, mtagombana kwa hili: Kigoma imepakia mifuko 1,200, Bujumbura imepokea 1,184. Mfumo ufuate hesabu ya nani? Mfuko uliopasuka unahesabika au la? Nani anasaini, na akiwa wapi? Basi andika: "Tunaondoka tukiwa tumekubaliana hesabu ipi ndiyo rasmi, na nani anaisaini." Ongeza lengo la pili, yaani tarehe ya shehena ya kwanza ya majaribio, uishie hapo. Dakika tisini hazibebi maamuzi matano.

Kuhusu mkataba, hakuna atakayesoma kurasa 40. Dole gumba kwenye grupu si ushahidi wa kusoma. Andaa kurasa tatu: mradi unahusu nini na hauhusu nini; tarehe na nani analipia nini; kisha maswali mawili ya kuamuliwa, kila moja likitaja kifungu chake cha mkataba. Ukurasa wa maswali uwe na Kifaransa pia, kwa sababu barua nyingi za ofisini Bujumbura ni za lugha hiyo. Zitume siku tano za kazi kabla, na umwombe kila mwenye kauli akujibu kwa mstari mmoja, siku mbili kabla ya kikao, upande wake unaegemea hesabu ipi. Majibu yakigongana, umeshajua mjadala utakuwa wapi. Yasipokuja, mpigie simu.

Ninachokiona kila mara, kwenye saruji, dagaa au ujenzi wa ghala, ni woga wa kuahirisha. Wanaouza semina za "kikao bora" wanawafundisha watu salamu, utambulisho na picha ya pamoja, halafu mtu wa fedha anamtuma msaidizi wake, na kikao kinaendelea kwa sababu chai imeshanunuliwa. Msaidizi anaitikia kila kitu. Wiki tatu baadaye bosi wake anasema hakuambiwa, na mafundi wa mfumo wameshajenga kwa kufuata hesabu ya upakiaji. Kuivunja kazi hiyo kunagharimu kuliko chai ya mwezi mzima.

Kwa hiyo kama hadi Jumanne jioni mwenye kauli wa Bujumbura hajathibitisha kwamba atakuwepo mwenyewe, au hajamwandikia barua ya kumpa mamlaka atakayemwakilisha, sogeza kikao hadi wiki inayofuata. Lile grupu libaki la kutangaza boti imeondoka saa ngapi.