Kalenda ya marudio ya wiki sita kwa mwanafunzi wa PCB

Kalenda hii niliitumia mwenyewe nikiwa kidato cha sita, na hadi leo ndiyo ninayowapangia wadogo zangu kila mtihani wa Mei unapokaribia. Kazi ya kwanza ni kuyagawa masomo katika vipande vinavyoweza kusomwa kwa dakika 40: 14 vya Fizikia, 14 vya Kemia, 14 vya Baiolojia na 6 vya hisabati ya BAM, yaani 48 kwa jumla. Vipande viwili vipya kwa siku, vya masomo tofauti, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, vitaisha mwishoni mwa wiki ya nne.

Kila kipande hurudiwa baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki moja na baada ya wiki mbili tangu kiliposomwa. Kwa mfano, utendaji wa figo ukisomwa Jumatatu ya kwanza, utarudi Jumatano, halafu Jumatatu mbili zinazofuata. Kwa kuwa Jumapili haipangiwi kitu, vipande vya Ijumaa hurudiwa Jumatatu na vya Jumamosi hurudiwa Jumanne. Kuanzia wiki ya tatu utakuwa na marudio sita kwa siku, ambayo kwa robo saa kila moja, pamoja na vipande viwili vipya, ni karibu saa tatu.

Hapo ndipo kalenda nyingi zinapoishia, na figo inabaki wiki nne bila kuguswa kabla ya mtihani. Kwa hiyo vipande vya wiki ya kwanza virudishwe tena wiki ya tano, na vya wiki ya pili virudishwe wiki ya sita, huku vya wiki ya tatu vikikamilisha zamu zao za mwisho wiki ya tano, na vya wiki ya nne wiki ya sita. Kwa mpangilio huo hakuna kipande kisichoonekana katika siku 14 za mwisho. Kwa kuwa vipande vya wiki mbili za mwanzo hupata zamu moja zaidi, anza na vile vinavyokusumbua, hata kama mwalimu alivifundisha mwisho.

Kurudia si kusoma daftari upya. Chukua karatasi tupu, chora nefroni na ueleze kinachofyonzwa katika kila sehemu, kisha fungua daftari na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Ikiwa wekundu umefunika zaidi ya nusu ya ukurasa, kipande hicho kipeleke Jumapili, ila zamu zake nyingine zisiguswe. Jumapili mbili mfululizo zikijaa, tatizo ni ukubwa wa vipande: vigawe upya, na vile ambavyo havitaenea visomwe mara moja tu katika wiki ya tano. Muda unaobaki wiki ya sita, ambayo ina marudio manne tu kwa siku, ufanyie mitihani iliyopita kwa kufuata saa.